Bekhendi ya tenisi, mkono mmoja au miwili? Mwongozo kwa mchezaji mfupi au mwenye kifundo dhaifu cha mkono, kwenye viwanja vya Mbeya na Iringa

Mpira ulitua hatua moja nyuma ya mstari wa sevu, ukapanda, ukamkuta Mwalimu usawa wa sikio. Alikuwa ameshika raketi kwa mkono mmoja, kama alivyozoea kuona kwenye televisheni. Raketi ikamgeukia kiganjani, mpira ukavuka uzio na kuangukia kwenye mahindi ya jirani. Akakung'uta mkono mara mbili, akakunja uso.

"Kaka, huu mkono hauna nguvu kabisa."

Mwalimu anafundisha shule ya msingi hapa Mbeya. Ana urefu wa mita 1.56 na uzito wa kilo 50 hivi, na kifundo cha mkono wake wa kulia kiliwahi kuvunjika alipoanguka na bodaboda msimu wa mvua. Hospitali walishamruhusu kucheza. Kweli mkono wake ulikuwa dhaifu, lakini mpira ule ungemshinda hata mwanamume mwenye misuli endapo angekuwa na kimo chake na mshiko wake. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza hatua tulizopita naye. Maelezo yote ni ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Wewe wa kushoto geuza tu.

Anza na mpira wa huku

Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa inapita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi, na jambo hilo linaubadili mpira mara mbili. Kwanza, hewa haiuzuii sana ukiwa angani, kwa hiyo unafika mapema. Pili, mpira wa kopo una gesi iliyoshindiliwa ndani. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, gesi ile inakuwa na nguvu zaidi ya kuutunisha, na mpira unadunda juu kuliko ungedunda Dar es Salaam au Tanga.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi linalijua hilo. Mpira wa kawaida unapopimwa huangushwa kutoka sentimita 254, na unatakiwa udunde kati ya 135 na 147. Kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 kuna mpira wake maalumu, ambao ukipimwa kwenye usawa wa bahari hudunda kati ya 122 na 135 tu. Ukiuleta huku juu, unatenda kama mpira wa kawaida unavyotenda pwani.

Unaweza kupima mwenyewe. Chora mistari kwa chaki ukutani kwenye sentimita 135, 147 na 254. Mtu mmoja apande kwenye meza auachie mpira, asiusukume, na mwingine apige video kwa simu akiwa ameishika usawa wa mstari wa 147. Mwalimu alikuwa amenunua kopo jipya la mipira ya kawaida. Saa sita mchana, kwenye saruji yetu, ilivuka mstari wa 147 bila shaka yoyote. Rudia jaribio hilo saa moja asubuhi mwezi wa Julai, wakati vidole vinauma kwa baridi, utaona mpira uleule unadunda chini kwa sababu gesi ya ndani imepoa. Ndiyo maana kuna watu huku ambao bekhendi yao ni nzuri asubuhi na mbaya mchana. Wanaulaumu mkono, kumbe mpira umebadilika kimo.

Kwa mtu mfupi, basi, swali la kwanza si bekhendi ipi ina nguvu au ipi inapendeza. Swali ni hili: mpira unakukuta wapi mwilini, na kwenye kimo hicho mkono wako unaweza nini?

Mkono unafanya nini mpira unapogusa nyuzi

Mpira wa tenisi una uzito wa gramu 56 hadi 59 hivi, na unakaa kwenye nyuzi kwa sehemu kadhaa tu za elfu za sekunde moja. Huwezi kurekebisha kitu ndani ya muda huo. Mshiko na mkao wa kifundo ulioingia nao ndio utakaoubeba mgongano. Ukigonga pembeni ya kitovu cha raketi, raketi inataka kujipinda mkononi, na kuna kitu lazima kiizuie.

Kwenye bekhendi ya mkono mmoja, kinachozuia ni misuli ya mgongo wa mkono, ile inayoanzia kwenye mfupa wa nje wa kiwiko na kushuka hadi kwenye kifundo. Ni misuli myembamba. Kifundo kikiwa kimefungwa vizuri, kikiwa kimeinuka kidogo kuelekea mgongo wa kiganja, misuli hiyo inasaidiwa na bega na uzito wa mwili. Kifundo kikiwa kimelegea na kujikunja kuelekea ndani, misuli inavutwa ghafla ikiwa tayari imenyooka, na maumivu yanaanzia kwenye kiwiko. Wengi wanaolalamika kiwiko baada ya miezi michache ya bekhendi ya mkono mmoja wanakosea hapo. Wanatanguliza kiwiko mbele, halafu wanamalizia kwa kuchapa na kifundo.

Kimo nacho kina lake. Simama sasa hivi, nyoosha mkono wa kulia mbele ya nyonga yako, mwenzako asukume mgongo wa kiganja chako. Utamhimili. Inua mkono hadi usawa wa sikio, asukume tena. Umeishiwa, siyo? Mkono mmoja una nguvu kati ya goti na chini ya kifua. Kupita bega, misuli inayoupeleka mkono nje ni dhaifu kwa karibu kila mtu. Roger Federer, mwenye mita 1.85, aliteseka miaka mingi kwa mipira ya Rafael Nadal iliyokuwa ikimpandia begani upande wa bekhendi, hasa kwenye viwanja vya udongo. Sasa fikiria mita 1.56.

Mikono miwili inabadili hesabu. Mkono wa kushoto unasukuma raketi kutoka nyuma, kiganja kikiangalia unakopeleka mpira, na nguvu kubwa inatoka kwenye kiuno kinachozunguka. Raketi haina nafasi ya kujipinda kwa sababu imeshikwa sehemu mbili. Mpira wa kifuani, hata wa begani, bado unapigika. Hasara yake ni kwamba hufiki mbali. Mpira wa pembeni ambao mkono mmoja ungeufikia, mikono miwili inahitaji hatua moja zaidi ya mguu, na mtu mfupi tayari ana hatua fupi. Hasara ya pili watu huisahau: kifundo cha kushoto kinaanza kufanya kazi ambayo hakijawahi kuifanya. Juan Martín del Potro wa Argentina alifanyiwa upasuaji mara kadhaa kwenye kifundo cha kushoto, na alikuwa mchezaji wa bekhendi ya mikono miwili. Aliporudi mwaka 2016 alilazimika kupiga slaisi nyingi ya mkono mmoja, lile pigo la raketi inayoshuka, kukikinga kifundo hicho, na bado akachukua medali ya fedha ya Olimpiki kule Rio.

Kwa hiyo mtu akiniambia "kifundo changu ni dhaifu", namuuliza kwanza: kipi?

Majaribio matatu kabla ya kuchagua

Haya nayafanya na kila anayekuja, na yanachukua dakika kumi na tano. Kama una maumivu yaliyopo, au ulivunjika na bado hujaruhusiwa, usiyafanye. Mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Udhaifu na maumivu ni vitu viwili tofauti.

Jaribio la kwanza: shika raketi mwishoni mwa mpini, nyoosha mkono mbele usawa wa kifua, mgongo wa kiganja ukiangalia juu, kichwa cha raketi kikielekea mbele. Hesabu hadi 20. Kichwa kikishuka au kutetemeka sana kabla ya 20, huna akiba ya kutosha kwa bekhendi ya mkono mmoja kwa sasa. Fanya na kushoto pia. Mwalimu alifika 9 kulia na 17 kushoto. Ndiyo, kushoto kulikuwa na nguvu kuliko kulia, jambo ambalo hakulijua.

Jaribio la pili: simama karibu na wavu. Mwenzako akurushie mpira kwa mkono kutoka mita tatu, upande wa bekhendi, usawa wa kiuno. Usipige. Weka tu raketi kwa mkono mmoja uuache mpira ugonge na kurudi. Angalia uso wa raketi, usiuangalie mpira. Katika mipira kumi, uso umegeuka mara ngapi? Ukigeuka zaidi ya mara tatu, kifundo hakijafunga. Rudia kwa mipira ya usawa wa bega.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na watu hulicheka. Shika raketi kwa mkono wa kushoto peke yake, katikati ya mpini, upige fohendi ya kushoto kumi, mpira ukirushwa polepole. Usijali mipira inaenda wapi. Ninachotafuta ni kama mkono unajua kuusukuma mpira mbele, na kama kifundo cha kushoto kinauma upande wa kidole kidogo. Kikiuma hapo, bekhendi ya mikono miwili itakuumiza.

Uamuzi wangu baada ya hapo hauna mzunguko. Mfupi, kifundo cha kulia dhaifu, kushoto salama: mikono miwili, na slaisi ya mkono mmoja kama akiba. Mfupi, vifundo vyote dhaifu lakini havina maumivu: mikono miwili pia, raketi nyepesi, mipira laini. Kifundo cha kushoto kina maumivu au jeraha la zamani: mkono mmoja, lakini kwa masharti nitakayoyataja. Ufupi peke yake haumkatazi mtu mkono mmoja. Justine Henin wa Ubelgiji alikuwa na mita 1.67 akachukua mashindano ya Roland Garros mara nne kwa bekhendi ya mkono mmoja. Ila Henin alijijengea miguu na muda wa kuuwahi mpira kwa miaka mingi tangu utotoni. Wewe unacheza Jumamosi na Jumapili.

Bekhendi ya mikono miwili, hatua kwa hatua

*Mshiko.* Mpini una pande nane. Simamisha raketi kama panga, ukingo ukiangalia chini. Upande wa juu kabisa uite 1, kisha hesabu kwenda kulia: 2, 3, hadi 8. Fundo la chini la kidole cha shahada cha mkono wa kulia likae kwenye upande wa 2. Ni mshiko uleule wa kushika nyundo. Mkono wa kushoto ukae juu yake, mikono ikigusana, fundo la shahada likiwa upande wa 7, yaani kama unavyoshika kwa fohendi ya kushoto. Vidole visipandane. Kushoto kunashika kwa uthabiti, kulia kunashika kama unavyoshika yai: lisianguke, lisipasuke.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuuacha mkono wa kulia kwenye mshiko wa fohendi. Unapouzungusha mwili, uso wa raketi unaangalia mbinguni, kifundo cha kulia kinajikunja vibaya ili kuufidia, na mpira unakwenda nje. Mipira yako ikitoka nje kwa urefu mara kwa mara, tazama mkono wa kulia kabla hujatazama kitu kingine.

*Kugeuka.* Mara unapojua mpira unakuja bekhendi, geuza mabega. Usipeleke mikono nyuma. Geuka tu, na mikono itafuata. Bega la kulia liuelekee mpira kabla haujavuka wavu. Huku juu, ambako mpira unawahi, hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu. Mwalimu alikuwa akingoja mpira udunde ndipo ageuke, na kwa wakati huo alikuwa amebakiwa na nafasi ya kuchapa tu kwa kifundo.

*Kushusha raketi.* Kichwa cha raketi kishuke chini ya mpira, kiasi cha shubiri moja na zaidi kidogo. Ndipo kichwa hicho kipande juu kuelekea mpira. Kupanda huko ndiko kunakoupa mpira mzunguko wa kwenda mbele, ile topspini inayousaidia ushuke ndani ya mistari. Kwenye hewa nyepesi topspini haishiki vizuri kama pwani, kwa hiyo usitegemee kupiga kwa nguvu zote halafu mpira ujishushe wenyewe.

*Kugonga.* Mguu wa kulia uwe umeshatua mbele. Mpira uugonge mbele kidogo ya nyonga ya kulia, kiwiko cha kushoto kikiwa kimekunjwa kiasi, kiganja cha kushoto kikiwa nyuma ya mpini na kuangalia unakopeleka mpira. Kama uzito umebaki mguu wa nyuma utajua: utajikuta unarudi hatua moja baada ya kupiga.

*Kumalizia.* Mikono yote ibaki kwenye mpini hadi raketi ivuke bega la kulia. Mwisho kiwiko cha kushoto kinaangalia wavu. Ukiachia mkono wa kushoto mapema, umerudi kwenye mkono mmoja dakika ileile ambayo raketi inahitaji kushikwa.

Sasa mpira wa juu, maana huo ndio uliotuleta hapa. Mfupi ana njia tatu tu. Ya kwanza, sogea mbele uupige ukiwa bado unapanda, kabla haujafika begani. Hii inahitaji ugeuke mapema, na upunguze mzungusho wa nyuma hadi raketi isivuke mgongo wako. Ya pili, rudi nyuma hatua mbili tatu uusubiri ushuke kiunoni, kama uwanja wako una nafasi nyuma. Viwanja vingi vya huku uzio umebanwa, kwa hiyo pima kwanza. Ya tatu, uupige hapohapo begani kwa mikono miwili: miguu ikae sambamba, raketi ianze usawa wa mpira badala ya chini yake, usukume mbele kwa mkono wa kushoto bila kutafuta topspini nyingi. Mpira utakwenda bapa na kwa kina, na hilo linatosha.

Jasmine Paolini wa Italia ana mita 1.63 na anapiga mikono miwili. Mwaka 2024 alifika fainali ya Roland Garros na ya Wimbledon. Ukipata video yake, usitazame mikono. Tazama jinsi miguu inavyomsogeza kwenda kuukuta mpira badala ya kuungoja umpandie.

Kwa wanaobaki na mkono mmoja

Nilikuwa na kijana kutoka Iringa, golikipa wa timu ya mtaani, ambaye kidole kidogo cha kushoto na kifundo chake vilikuwa vimeshapigwa na mipira ya miguu vya kutosha. Kila alipojaribu mikono miwili, alishika upande wa nje wa kifundo. Yeye tulimwacha na mkono mmoja.

Mshiko ni upande wa 1, juu kabisa ya mpini. Mkono wa kushoto ushike shingo ya raketi na ndio unaoivuta nyuma, huku mabega yakigeuka zaidi kuliko ya mikono miwili, hadi kidevu kikaribie kugusa bega la kulia. Mguu wa kulia utue kabla ya mpira kufika. Kisha, na hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, mpira unagongwa mbele zaidi, karibu kipimo cha mguu mzima mbele ya unyayo wa kulia, mkono ukiwa umeshanyooka. Mikono miwili inakusamehe ukichelewa. Mkono mmoja hausamehi. Wakati raketi inakwenda mbele, mkono wa kushoto urudi nyuma, ili mabega yasifunguke kabla ya wakati na kuuvuta mpira pembeni.

Kifundo kikae kilivyo kuanzia unapoanza kushuka hadi raketi imepita mpira. Njia niliyoitumia kwa kijana yule ni ya kijinga lakini inafanya kazi: nilimfunga rula ya sentimita 30 kwenye mgongo wa kiganja na mkono kwa kitambaa, apige mipira ya polepole. Alipokunja kifundo kwa ndani, rula ilimsukuma kwenye mkono. Baada ya siku tatu hakuihitaji tena.

Masharti ni haya. Mpira wa begani usiupige topspini kwa mkono mmoja kama wewe ni mfupi. Ama uingie mbele uuchukue unapanda, ama upige slaisi. Na kwenye kupokea sevu yenye nguvu, punguza mzungusho uwe kama wa volei.

Slaisi, ambayo kila mtu aipate

Hata mwenye mikono miwili anaihitaji, kwa mpira wa mbali, mpira wa chini asubuhi ya baridi, na siku kifundo kimechoka. Mshiko ni upande wa 2. Raketi inaanzia juu ya bega la kushoto, mkono wa kushoto ukishika shingo. Inashuka ikipita nyuma na chini kidogo ya mpira, uso ukiwa umefunguka kiasi, na inaendelea mbele kwa urefu. Watu wengi wanaikata kwenda chini kama wanakata kuni, na mpira unapaa na kumsubiri mpinzani. Kufyeka kwenda chini si slaisi. Ni kusukuma mbele kwa raketi inayoshuka taratibu. Kifundo hakifanyi kitu hapa, na ndiyo maana hata Mwalimu aliiweza wiki ya kwanza.

Raketi na nyuzi

Raketi ya gramu 255 hadi 275 bila nyuzi inamtosha mtu wa kilo 50. Nyepesi kupita hapo inasukumwa na mpira, na mshtuko unakuja mkononi. Mpini upime hivi: ushike kwa mkono mmoja, kisha kidole cha shahada cha mkono mwingine kiingie kati ya ncha za vidole na kiganja. Kisipoingia, mpini ni mwembamba, na utakuwa unaubana kwa nguvu ili usizunguke. Kwa mikono miwili hakikisha pia sehemu ya kushika ina urefu wa kutosha, mkono wa kushoto usikalie shingo.

Huku juu watu hukaza nyuzi ili mpira usipae. Inasaidia mpira na inaumiza mkono. Kwa kifundo dhaifu mimi sikazi. Badala yake natafuta mpira wa miinuko, na usipopatikana, ule wenye alama ya kijani wa wanaojifunza, ambao ni wa polepole kuliko wa kawaida kwa robo hivi. Epuka nyuzi ngumu za poliesta, na epuka pia mipira iliyokufa. Mpira usiodunda unaonekana mpole, lakini unakulazimisha uupige kwa nguvu zaidi.

Wiki sita za Mwalimu

Wiki mbili za kwanza hakucheza seti hata moja. Kila siku ya mazoezi alianza na fohendi 30 za mkono wa kushoto peke yake, kisha 30 za mikono miwili nikimrushia mpira usawa wa kiuno. Alichukia. "Kaka, umenirudisha darasa la kwanza," alisema siku ya pili, na mimi nikamwambia yeye ndiye mwalimu, anajua kwa nini watu hurudishwa.

Wiki ya tatu nikainua mpira hadi kifuani, na tatizo jipya likatokea. Mipira yake yote ilienda kushoto, nje ya mstari. Nilirekodi kwa simu na tukaona: mkono wa kulia ulikuwa umerudi kuwa mkubwa, unavuta mpini badala ya kuuongoza, na mpira ulikuwa unagongwa umechelewa, nyuma ya nyonga. Dawa yake ilikuwa ndogo. Nilimwambia ashike kulia kwa vidole viwili tu, shahada na gumba, kwa mipira 20. Kushoto kukalazimika kufanya kazi, na mpira ukaanza kwenda mbele.

Wiki ya nne na ya tano tukafanyia kazi miguu. Niliweka kandambili mbili sakafuni, moja mita moja mbele ya alipozoea kusimama, nyingine mita mbili nyuma. Nikarusha mpira wa juu, naye achague kabla haujavuka wavu: mbele au nyuma. Kubaki katikati ilikuwa marufuku. Zoezi hilo lilibadili bekhendi yake kuliko mazungumzo yangu yote ya mshiko, na nimejiuliza kwa nini sikulianza wiki ya kwanza.

Nyumbani alikuwa na kazi moja ya kifundo, mara tatu kwa wiki: mkono umelazwa mezani, kiganja kinaangalia chini na kuning'inia ukingoni, chupa ya maji ya nusu lita mkononi. Anainua kwa msaada wa mkono mwingine, kisha anaishusha peke yake kwa hesabu ya nne. Mara 12, awamu tatu. Kushusha polepole ndiko kunakojenga. Alipokuwa akiinua haraka haraka, kiwiko kilimuuma siku iliyofuata, tukarudi kwenye chupa iliyojaa nusu.

Dalili za kusimama nilimwandikia kwenye karatasi: maumivu kwenye mfupa wa nje wa kiwiko unapoinua birika kiganja kikiangalia chini, maumivu upande wa kidole kidogo wa kifundo chochote unapofungua mlango, au uchungu unaobaki hadi asubuhi ya pili. Ukiona moja kati ya hayo, pumzisha bekhendi hiyo wiki nzima na upige slaisi tu. Likirudi, nenda kwa mtaalamu.

Mwisho wa wiki ya sita tulirudia jaribio la kushika raketi. Kulia alifika 18. Kisha nikampigia ule mpira wa sikio, saa sita mchana, mipira ileile iliyovuka mstari wa chaki. Kati ya kumi, sita zilirudi ndani. Mbili alizipiga slaisi bila mimi kumwambia. Mbili zilikwenda kwenye mahindi, na jirani sasa anatutoza mpira mmoja kwa kila miwili anayotuokotea.